Kitabu Kimoja, Mara Mbili: Kosa la Mwelekeo Katika Fumbo la Mkoba

Kuna programu mbili fupi za kompyuta, kila moja mistari mitano, zinazotofautiana mahali pamoja tu. Ya kwanza huhesabu kuanzia fedha nyingi kushuka hadi fedha kidogo. Ya pili huanzia kidogo na kupanda. Zikipewa swali lilelile la kununua vitabu, moja hujibu 13 na nyingine hujibu 16. Hakuna inayokwama, wala hakuna inayotoa onyo. Jibu sahihi ni 13, na aliyepata 16 amekinunua kitabu kimoja mara mbili bila kujua.

Swali lenyewe linafahamika sana kwa wanaojifunza kuandika programu za mashindano. Limo katika mkusanyiko wa mazoezi wa CSES kutoka Finland, kwa jina la `Book Shop`. Mtu ameingia duka la vitabu akiwa na kiasi fulani cha fedha. Kila kitabu kina bei yake na idadi yake ya kurasa, na kila kimoja kinaweza kununuliwa mara moja tu. Mnunuzi anataka kutoka na kurasa nyingi kadiri inavyowezekana bila kuvuka fedha zake. Mfano uliotolewa pamoja na swali una vitabu vinne na fedha 10:

```
kitabu   bei   kurasa
1         4      5
2         8     12
3         5      8
4         3      1
```

Jibu ni 13: kitabu cha kwanza na cha tatu, ambavyo kwa pamoja vinagharimu 9. Wataalamu wa hesabu huliita swali la aina hii fumbo la mkoba, kwa kuwa sura yake ya asili ni ya msafiri anayechagua vitu vya kutia kwenye mkoba wenye kikomo cha uzito. Sharti la kila kitu kuchukuliwa mara moja au kuachwa kabisa ndilo linalolipa jina la ziada: mkoba wa sifuri au moja. Kitabu ama hakinunuliwi, yaani sifuri, ama kinanunuliwa nakala moja. Sharti hilo dogo ndilo linalovunjwa na programu inayopanda.

Mtu wa kawaida angeanza na vitabu vyenye faida kubwa kwa kila shilingi. Njia hiyo ni ya haraka, lakini haiaminiki. Tovuti ya mashindano ya AtCoder ya Japani ina swali la mkoba lenye mfano unaolionyesha hilo waziwazi. Mkoba unabeba uzito wa 8, na vitu ni vitatu: kimoja kina uzito 3 na thamani 30, cha pili uzito 4 na thamani 50, cha tatu uzito 5 na thamani 60. Kwa kila kipimo cha uzito, chenye faida zaidi ni cha pili. Anayekianza hicho hubaki na nafasi ya 4, anaongeza cha kwanza, na kuishia na 80. Aliyeacha kile kilichoonekana bora na kuchukua cha kwanza na cha tatu anapata 90.

Njia ya kujaribu kila mchanganyiko nayo haifiki mbali. Vitabu vinne vina michanganyiko 16, na hata kwa mkono mtu anaweza kuimaliza. Lakini swali la CSES linaruhusu hadi vitabu 1,000. Michanganyiko ya vitabu 1,000 ni mbili kipeo cha elfu moja, namba yenye tarakimu 302. Hakuna kompyuta itakayoimaliza.

Njia inayofanya kazi inatokana na mbinu aliyoiasisi mwanahisabati Mmarekani Richard Bellman katika miaka ya 1950: kuligawa swali kubwa katika maswali madogo, kujibu kila dogo mara moja tu, na kuhifadhi majibu ili yatumike tena. Hapa maswali madogo yana umbo moja: kama ningekuwa na vitabu hivi vya mwanzo tu, na fedha kiasi hiki, ningepata kurasa ngapi?

Majibu hupangwa kwenye jedwali. Kila mstari ni wa kitabu kimoja zaidi, na kila safuwima ni ya kiasi kimoja cha fedha, kuanzia 0 hadi zote alizo nazo mnunuzi. Ili kujaza kisanduku kimoja, kuna njia mbili tu za kulinganisha. Kitabu cha mstari huo kikiachwa, jibu ni lilelile la mstari wa juu, safuwima ileile. Kikinunuliwa, fedha zinapungua kwa bei yake, hivyo mtu anakwenda kwenye mstari wa juu, anarudi kushoto hatua sawa na bei, anasoma jibu lililo hapo na kuongeza kurasa za kitabu. Kubwa kati ya hayo mawili ndilo linaloandikwa.

Jedwali hili halina kosa la mwelekeo. Kwa kuwa kila mstari unasoma mstari wa juu yake ambao umekwisha kukamilika, visanduku vya mstari mmoja vinaweza kujazwa kutoka kushoto, kutoka kulia, au hata kwa kurukaruka. Jibu halibadiliki.

Tatizo la jedwali ni ukubwa wake. Katika swali la CSES fedha zinaweza kufika 100,000. Mistari 1,000 mara safuwima laki moja ni visanduku milioni mia moja. Kila kimoja kikitumia baiti 4, kumbukumbu inayohitajika ni megabaiti 400, ilhali kikomo cha swali ni megabaiti 512. Kwa lugha ya C++ jedwali linapenya kwa shida. Kwa orodha za kawaida za Python, ambazo hutumia baiti 8 kwa kila nafasi, halipenyi kabisa.

Hapo ndipo wazo la kubana linapoingia. Mstari wa kitabu cha kumi unasoma mstari wa tisa peke yake. Ule wa nane na yote iliyotangulia haiguswi tena. Kwa nini basi ihifadhiwe? Inatosha kuwa na safu moja tu ya visanduku, na kila kitabu kipya kinapofika majibu mapya yanaandikwa juu ya yale ya zamani, mahali palepale. Megabaiti 400 zinageuka kuwa kilobaiti 400. Programu nzima, ikiwa kwa Python, ni hii:

```python
bora = [0] * (fedha + 1)
for bei, kurasa in vitabu:
    for f in range(fedha, bei - 1, -1):
        bora[f] = max(bora[f], bora[f - bei] + kurasa)
print(bora[fedha])
```

Safu inaitwa `bora`. Kisanduku `bora[7]`, kwa mfano, kinashika idadi kubwa zaidi ya kurasa zinazopatikana kwa fedha zisizozidi 7. Kitanzi cha nje kinapitia vitabu, kimoja baada ya kingine. Kitanzi cha ndani kinapitia viasi vya fedha, na alama `-1` ya mwisho ndiyo inayokifanya kishuke: kinaanza kwenye fedha zote na kuteremka hadi kwenye bei ya kitabu. Chini ya bei hiyo hakuna la kufanya, kwa kuwa kitabu hakinunuliki.

Lakini kuandika juu ya majibu ya zamani kuna gharama yake. Katika jedwali kamili, majibu ya zamani na mapya yalikaa kwenye mistari tofauti. Sasa yanakaa pamoja, na wakati kitanzi kiko njiani, sehemu ya safu ina majibu mapya na sehemu iliyobaki ina ya zamani. Swali linakuwa: kisanduku kinachosomwa kiko upande gani?

Kinachosomwa ni `bora[f - bei]`, ambacho daima kiko kushoto kwa `f`. Kitanzi kikishuka, visanduku vya kushoto havijafikiwa bado. Vina majibu ya zamani, yaani ya kabla ya kitabu hiki kufika. Hiyo ndiyo hali iliyokuwa kwenye jedwali. Kitanzi kikipanda, visanduku vya kushoto vimekwisha kuandikwa upya. Vinaweza kuwa tayari na kitabu hiki ndani yao, na kukiongeza tena ni kukinunua mara ya pili.

Mfano wa CSES unalionyesha hilo hatua kwa hatua. Safu ina visanduku 11, kuanzia cha fedha 0 hadi cha fedha 10, vyote vikiwa sifuri mwanzoni. Kitanzi kinachoshuka kikishughulikia kitabu kimoja kimoja, safu inakuwa hivi baada ya kila kitabu:

```
fedha     0  1  2  3  4  5  6  7  8  9 10
kitabu 1  0  0  0  0  5  5  5  5  5  5  5
kitabu 2  0  0  0  0  5  5  5  5 12 12 12
kitabu 3  0  0  0  0  5  8  8  8 12 13 13
kitabu 4  0  0  0  1  5  8  8  8 12 13 13
```

Mstari wa kwanza unasema jambo la wazi: mwenye kitabu cha kwanza peke yake, chenye kurasa 5 na bei 4, hawezi kupata zaidi ya kurasa 5, hata awe na fedha 10. Kwenye mstari wa tatu, kisanduku cha fedha 9 kinasoma kisanduku cha fedha 4, ambacho kina 5 za kitabu cha kwanza. Kinaongeza 8 za kitabu cha tatu na kupata 13. Hilo ndilo jibu, na kitabu cha nne hakiliboreshi.

Sasa kitanzi cha ndani kigeuzwe, kiandikwe hivi:

```python
for f in range(bei, fedha + 1):
```

Mistari mingine minne haiguswi. Matokeo yanakuwa haya:

```
fedha     0  1  2  3  4  5  6  7  8  9 10
kitabu 1  0  0  0  0  5  5  5  5 10 10 10
kitabu 2  0  0  0  0  5  5  5  5 12 12 12
kitabu 3  0  0  0  0  5  8  8  8 12 13 16
kitabu 4  0  0  0  1  5  8  8  8 12 13 16
```

Kosa linajitokeza kwenye mstari wa kwanza kabisa. Kisanduku cha fedha 8 kina 10, wakati kitabu pekee kilichokwisha kuonekana kina kurasa 5. Ilivyotokea ni kwamba kitanzi kilifika kwanza kwenye kisanduku cha fedha 4 na kuandika 5. Kilipofika cha fedha 8, kilirudi nyuma hatua nne, kikakuta ile 5 mpya, kikaongeza 5 nyingine. Fedha zimetosha kweli, maana 4 na 4 ni 8. Ila dukani kulikuwa na nakala moja.

Cha kushangaza zaidi ni mstari wa pili. Kitabu cha pili kina kurasa 12, zaidi ya zile 10 za uongo, na kimezifuta zote. Mtu akilinganisha safu mbili baada ya kitabu cha pili ataziona zinafanana kisanduku kwa kisanduku, na anaweza kuapa kwamba programu yake ni nzima. Kosa linarudi kwenye kitabu cha tatu: bei yake ni 5, na 5 mara mbili ni 10 kamili. Kisanduku cha mwisho kinasoma cha fedha 5, ambacho hatua chache nyuma kimebadilishwa kutoka 5 kuwa 8, na kuandika 16. Nambari hiyo ndiyo inayochapishwa.

Programu inayopanda si upuuzi. Ni jibu sahihi la swali jingine. Kama duka lingekuwa na nakala zisizo na kikomo za kila kitabu, kurasa 16 ndizo nyingi kuliko zote ambazo fedha 10 zinaweza kununua: nakala mbili za kitabu cha tatu. Ndiyo maana kompyuta haina cha kulalamikia. Imepewa hesabu halali na imeifanya vizuri. Aliyekosea ni aliyeuliza swali la duka lenye nakala moja kwa maneno ya duka lenye shehena.

Kuna maswali ambayo kupanda ndiko kunakotakiwa. Mkusanyiko uleule wa CSES una swali la sarafu, `Coin Combinations II`, linalouliza kiasi fulani kinaweza kupatikana kwa njia ngapi iwapo kila sarafu inaweza kutumika mara nyingi mtu apendavyo. Katika mfano wake, sarafu ni za 2, 3 na 5, na kiasi ni 9. Njia ni tatu: mbili, mbili na tano, tatu mara tatu, na mbili mara tatu pamoja na tatu. Hapa kitanzi cha fedha lazima kipande, kwa sababu kila sarafu inapaswa kuruhusiwa kurudi. Mwenye mazoea ya mkoba akikishusha, programu itatumia kila sarafu mara moja tu, na kwa kuwa hakuna namna ya kupata 9 kwa 2, 3 na 5 bila kurudia, itajibu 0. Kwa hiyo kukariri kwamba kitanzi kinashuka hakutoshi. Anayeandika anapaswa kujiuliza kwanza kama kitu kinaweza kuchukuliwa tena, kisha aamue mwelekeo.

Kosa hili linadumu kwa sababu linajua kujificha. Jibu la kitanzi kinachopanda haliwi dogo kuliko jibu sahihi. Ama ni kubwa zaidi, ama ni sawa. Linakuwa sawa kila mara ambapo kurudia kitu hakuna faida au hakuwezekani. Mtu akijaribu programu yake kwa fedha 10 na vitabu vya bei 6, 7 na 9, mielekeo yote miwili itampa jibu moja, maana hakuna kitabu kinachoweza kununuliwa mara mbili kwa fedha hizo. Majaribio yote ambayo bei zake zimezidi nusu ya fedha yana upofu huo.

Hata mifano ya watunga maswali inaweza kupitwa. Lile swali la mkoba la AtCoder lina mifano kadhaa. Wa kwanza, ule wa mkoba wa 8, unalinasa kosa: kitanzi kinachopanda kinajibu 100 badala ya 90, kwa kuchukua kitu cha pili mara mbili. Lakini mfano wa pili una vitu vitano vinavyofanana, kila kimoja kina uzito 1 na thamani bilioni moja, na mkoba unabeba 5. Anayechukua vyote vitano anapata bilioni tano. Anayechukua kimoja mara tano anapata bilioni tano vilevile. Mfano huo unawanasa waliotumia namba za baiti 4, ambazo haziwezi kubeba bilioni tano, lakini mwenye kosa la mwelekeo unamwacha apite.

Jaribio linalolinasa kosa hili bila kukosea ni dogo kuliko yote hayo. Liwe na kitabu kimoja cha bei 1 na kurasa 1, na fedha ziwe 10. Programu sahihi hujibu 1. Inayopanda hujibu 10. Hakuna kitabu cha pili cha kufunika makosa, wala bei kubwa ya kuzuia marudio. Faida nyingine ya jaribio hili ni kwamba jibu 10 linazidi jumla ya kurasa zote dukani, na jibu la aina hiyo haliwezi kuwa kweli katika mkoba wa sifuri au moja. Katika mfano wa CSES jumla ya kurasa zote ni 26, hivyo 16 haikuweza kutiliwa shaka kwa kigezo hicho peke yake.

Wenye uzoefu huongeza jaribio la pili. Huandika programu nyingine, ya kijinga kwa makusudi, inayojaribu michanganyiko yote. Kwa vitabu 12 michanganyiko ni 4,096, kazi ya kufumba na kufumbua. Kisha hutengeneza maswali madogo ya kubahatisha, bei zikiwa kati ya 1 na 10 na fedha zisizozidi 20, na kulinganisha majibu ya programu mbili hadi yatofautiane. Bei ndogo ni muhimu, kwani ndizo zinazotoa nafasi ya kurudia.

Anayerekebisha mwelekeo naye anaweza kuangukia shimo la jirani. Katika Python, kikomo cha pili cha `range` hakihesabiwi. Ndiyo sababu programu ya hapo juu ina `bei - 1`. Mtu akiandika `range(fedha, bei, -1)`, kitanzi kitaishia kisanduku kimoja kabla ya bei, na kisanduku cha bei yenyewe hakitaguswa kamwe. Mwenye fedha 5 mbele ya kitabu cha bei 5 ataambiwa hawezi kununua chochote. Katika mfano wa vitabu vinne jibu la fedha 9 lingeporomoka kutoka 13 hadi 12, kwa kuwa ile 5 ya kisanduku cha fedha 4, ambayo kisanduku cha 9 kiliihitaji, isingeandikwa, na ya fedha 5 ingebaki bila kusahihishwa kuwa 8, ingawa kisanduku cha mwisho kingeweza bado kusoma 5 ya kitabu cha kwanza kutoka kisanduku cha fedha 5 na kufika 13. Kwa maneno mengine, kisanduku cha 9 kingeharibika na cha 10 kingenusurika: programu ingejibu 13 kwa fedha 10 na 12 kwa fedha 9. Mfano wa swali ungepita, na kosa lingebaki ndani.

Kosa jingine ni kubadilishana vitanzi, fedha zikawa nje na vitabu ndani. Fedha zikishuka katika mpangilio huo, kisanduku cha 10 kinajazwa wakati vyote vya kushoto bado ni sifuri. Kila kitabu kinaongezwa juu ya sifuri, na jibu linakuwa kitabu kimoja kilicho bora kuliko vingine. Kwa mfano wetu ni 12. Safu moja inahitaji vitu viwili kwa pamoja: vitabu kitanzi cha nje, na fedha zinazoshuka ndani.

Asiyetaka kuufikiria mwelekeo anaweza kutumia safu mbili, moja ya zamani na moja mpya, na kuzibadilishana baada ya kila kitabu. Kumbukumbu inakuwa kilobaiti 800 badala ya 400, tofauti isiyoumiza, na kitanzi kinaweza kwenda popote. Watumiaji wa maktaba ya NumPy wana njia fupi zaidi, inayofaa wakati kila bei ni 1 au zaidi:

```python
bora[bei:] = np.maximum(bora[bei:], bora[:-bei] + kurasa)
```

Hapa upande wa kulia unakokotolewa wote kwa majibu ya zamani kabla chochote hakijaandikwa. Hakuna kisanduku kipya kinachoweza kusomwa kabla ya wakati wake. Mstari huu pia una kasi kubwa kuliko kitanzi cha Python, jambo lenye uzito pale ambapo hatua ni milioni mia moja.

Kuna kitu kimoja ambacho safu moja inakipoteza. Inasema kurasa ni 13, lakini haisemi ni vitabu vipi. Majibu ya zamani yamefutwa, na bila hayo haiwezekani kurudi nyuma kitabu kwa kitabu. Anayehitaji orodha ya vitabu anaweza kuhifadhi, kando ya safu, alama moja ya ndiyo au hapana kwa kila kitabu na kila kiasi cha fedha. Kwa vitabu 1,000 na fedha 100,000, alama hizo zikibanwa nane katika kila baiti, zinachukua megabaiti 12.5 hivi. Bado ni kidogo sana kuliko 400.

Wala safu moja haipunguzi muda. Hatua zinabaki zilezile: idadi ya vitabu mara kiasi cha fedha. Bei zikiandikwa kwa senti badala ya shilingi, safu na muda vinaongezeka mara mia moja, ingawa vitabu ni vilevile. Mwaka 1972 Richard Karp aliliweka fumbo la mkoba katika orodha yake ya matatizo 21 magumu, ambayo mpaka leo hakuna aliyepata njia ya kuyatatua haraka katika hali zote. Njia ya Bellman inapendeza pale tu ambapo fedha, au uzito wa mkoba, ni namba isiyo kubwa mno.

Kwa msomaji anayeandika programu yake ya kwanza ya mkoba, majaribio matatu yanatosha kabla ya kuituma. La kwanza ni kitabu kimoja cha bei 1 na kurasa 1 kwa fedha 10: jibu liwe 1. La pili ni kitabu kimoja cha bei 5 na kurasa 8 kwa fedha 5: jibu liwe 8. La tatu ni vile vitabu vinne, kwa fedha 10 na kisha kwa fedha 9: jibu liwe 13 mara zote mbili. Ikitoka nambari nyingine yoyote, aanze kwa kukagua mstari wa `range`.